Makisio ya akiba ya uzeeni: mchango usiopanda pamoja na mshahara

Tangu Januari 2025, mchango wa pensheni ya lazima nchini Rwanda umekuwa asilimia 12 ya mshahara, nusu ikitolewa na mwajiri na nusu na mfanyakazi. Malipo ya pensheni hiyo, inayosimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB, hukokotolewa kwa kuangalia miaka ya kuchangia na wastani wa mshahara. Ejo Heza, mpango wa hiari ulioanzishwa mwaka 2018, ni jambo jingine. Humo kila mwanachama ana akaunti yake, na atakachokuta uzeeni ni kile alichoweka pamoja na faida iliyopatikana. Hivyo ni juu ya mwenye akaunti mwenyewe kukisia itafika wapi.

Tuchukue mfano wa muuzaji wa duka la vipuri mtaani Nyamirambo, Kigali, mwenye umri wa miaka 30. Analipwa faranga 300,000 kwa mwezi na anaweka akiba asilimia 10, yaani faranga 30,000. Anatarajia kuendelea hadi atimize miaka 55. Tuseme mshahara wake unapanda asilimia 6 kila mwaka, na akiba inazaa asilimia 10 kwa mwaka. Viwango hivi viwili ni vya kukadiria tu, hakuna aliyeviahidi.

Hesabu hufanywa mwaka kwa mwaka. Mwaka wa kwanza anaweka jumla ya faranga 360,000. Mwaka wa pili fedha hizo zinakuwa 396,000 kwa faida, na mchango mpya, uliopanda pamoja na mshahara, ni 381,600, jumla 777,600. Mwaka wa tatu kiasi hicho kinazaa tena na kuongezewa mchango wa 404,496, hata kufikia 1,259,856. Ukiendelea hivyo kwa miaka 25, akiba inafika takriban faranga milioni 58.9, ambazo kati yake milioni 19.8 tu ndizo zilizotoka mfukoni mwake. (Hapa mchango wa mwaka mzima umehesabiwa kana kwamba umewekwa mwisho wa mwaka. Kwa anayeweka kila mwezi, jumla itazidi kidogo.)

Kosa linalotokea zaidi halimo katika kuzidisha wala kujumlisha. Mtu hupanga kuweka asilimia 10 ya mshahara, kisha huagiza faranga 30,000 zikatwe kila mwezi na kusahau. Mshahara unapanda, agizo linabaki palepale. Kwa faida ileile ya asilimia 10, mchango usiobadilika kwa miaka 25 unazaa takriban milioni 35.4. Tofauti ya zaidi ya milioni 23 imetokana na agizo ambalo halikurekebishwa. Njia ya kulitambua kosa hili ni nyepesi: gawanya mchango wa mwezi huu kwa mshahara wa mwezi huu. Jibu likiwa chini ya asilimia 10, makisio ya awali hayana tena maana.

Makadirio ya faida nayo yana uzito wake. Iwapo akiba itazaa asilimia 8 badala ya 10, na mchango ukapanda kama ilivyopangwa, jumla inashuka hadi milioni 46. Kwa sababu hiyo ni busara kufanya hesabu mara mbili, moja kwa kiwango cha matumaini na nyingine kwa kiwango cha tahadhari, kisha kupanga maisha kwa ile ya pili.

Zaidi ya hayo, milioni 58.9 za miaka 25 ijayo si milioni 58.9 za leo. Benki Kuu ya Rwanda inalenga mfumuko wa bei wa asilimia 5, ijapokuwa mwishoni mwa mwaka 2022 bei za mijini zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Hata lengo hilo likitimia kila mwaka, bei zitakuwa zimeongezeka takriban mara 3.4. Gawanya milioni 58.9 kwa kiasi hicho, unapata takriban milioni 17.4 kwa thamani ya leo. Zikigawanywa kwa malipo ya miaka 20, na faida ya kipindi hicho ikitosha tu kufidia mfumuko wa bei, muuzaji wetu atapata takriban faranga 72,000 za leo kwa mwezi. Mshahara wake wa mwaka wa mwisho kazini, nao ukipimwa kwa thamani ya leo, utakuwa karibu 377,000. Akiba hiyo peke yake ingefidia chini ya moja ya tano ya mshahara huo, na sehemu iliyobaki ingelazimika kutoka katika pensheni ya lazima, kama mwajiri wake amekuwa akimchangia, au katika mchango mkubwa zaidi ya asilimia 10.