Majaribio ya Ijumaa

Maazimio ya kazi husonga mbele tu: mada ikimalizika wiki ya 2, haionekani tena hadi mtihani. Kusahau hakungoji mtihani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunapoteza mengi katika saa na siku za mwanzo. Mwaka 1939 Herbert Spitzer, baada ya kuwapima maelfu ya watoto wa darasa la sita huko Iowa, Marekani, alitoa habari kwamba waliojaribiwa mara tu baada ya kusoma makala walikumbuka zaidi wiki kadhaa baadaye. Kumbe jaribio lenyewe hufundisha.

Wanachuo wangu niliowapeleka mazoezini Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi 2012, niliwapa kanuni hii: kila mada irudi baada ya wiki 1, kisha ya 3, kisha ya 7 tangu ilipofundishwa. Hivyo jaribio la wiki ya 9 huchukua maswali mawili mawili kutoka wiki ya 8, ya 6 na ya 2. Ni maswali sita, dakika kumi, vitabu vimefungwa.

Tuseme wiki ya 2 ilihusu Karagwe ya kale. Wiki ya 3 uliza: ni mtawala gani aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861? Rumanyika. Wiki ya 5: kwa nini Speke alipokwenda Buganda Grant alibaki? Mguu wake ulikuwa mgonjwa. Wiki ya 9: kituo cha wafanyabiashara Waarabu cha Kafuro kilimfaa nini mtawala? Swali libadilike, la sivyo mtoto atakariri neno moja bila kuijua habari.

Alama zisiingizwe katika kitabu cha maendeleo. Zikiingizwa, watoto hunakiliana, na mwalimu hajui tena nani amesahau. Lakini majibu sahihi yatolewe papo hapo, maana kosa lisilosahihishwa nalo hukaa kichwani. Kisha waulizwe wanyoshe mikono: zaidi ya nusu wakilikosa swali la zamani, mada ifundishwe upya kwa dakika chache na irudi wiki inayofuata. Mtoto aliyekosa shule kwa kuchuma buni naye hupata mlango wa kuingilia mada iliyompita.

Mpango huu una ukomo wake. Katika muhula wa wiki 12, mada za kuanzia wiki ya 6 hazipati marudio ya tatu. Ile ya wiki ya 10 hupata moja tu. Kwa hiyo mwalimu aziandike ukurasa wa mwisho wa maazimio yake, na majaribio ya kwanza ya muhula unaofuata yaanzie hapo. Mwalimu akihamishwa, ukurasa huo ndio wa kwanza kumkabidhi mwenzake.