Kiswahili cha Njia ya Misafara

Njia iliyokipeleka Kiswahili kutoka Bagamoyo hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika haikufunguliwa na watu wa pwani. Wanyamwezi ndio waliotangulia kushuka nayo, mapema katika karne ya 19, wakileta pembe za ndovu na kurudi na nguo na shanga. Wafanyabiashara wa pwani walipanda bara kwa kufuata nyayo zao, na kufikia miaka ya 1850 Waarabu na Waswahili walikuwa na makazi Unyanyembe, karibu na ilipo Tabora ya leo, na huko Ujiji kando ya ziwa.

Kwa hiyo mwanzoni njia hiyo ilikuwa na lugha mbili. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na tajiri aliyekaa Unyanyembe hakuweza kuishi bila Kinyamwezi. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa binti wa mtemi Fundikira, na kwa ndoa kama hiyo mfanyabiashara alipata ukoo, ulinzi na lugha kwa pamoja. Asiyeona hili hudhani Kiswahili kilienea kwa sababu wenye mali walikizungumza. Mali peke yake haitoshi: palipokuwa na lugha moja yenye nguvu, mgeni ndiye aliyejifunza.

Kiswahili kilihitajiwa hasa pale msafara ulipotoka kwenye nchi ya lugha moja na kuingia nyingine. Ugogo ni mfano mzuri. Nchi ile ni kame, na msafara haukuweza kupita wala kuteka maji kabla ya kumlipa mtemi hongo. Malipo yalihesabiwa kwa nguo, hasa merikani, kitambaa cha pamba kilichopata jina hilo kwa sababu kilitoka Marekani. Shuka moja ilikuwa mikono 4, na doti moja shuka 2. Mkono hupimwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, hivyo mtu mfupi na mtu mrefu hawapimi doti iliyo sawa. Mazungumzo ya namna hiyo hayakuhitaji maneno mengi: tarakimu, majina ya nguo na ya rangi za shanga, leta, ongeza, punguza, maji, kesho. Aliyeyajua hayo aliweza kufanya biashara, hata kama hakuweza kusimulia hadithi.

Lakini kambini mambo yalikuwa tofauti. Mnyamwezi, Myao, Mmanyema na mtumwa aliyeachwa huru walikaa moto mmoja kwa miezi mingi, wakigawana posho na kuuguzana. Hapo msamiati wa sokoni ulikua ukawa lugha ya kuishi. Lugha nyingi za wasafiri hao ni za Kibantu, na mtu aliyezoea ngeli kwao hakushangazwa na kiambishi mbele ya neno. Alichokosea ni upatanisho. Ngeli za Kiswahili hazilingani kikamilifu na za kwao, basi vitu na wanyama vikapatanishwa kwa namna chache tu, au mzungumzaji akatumia viambishi vya kwao. Kwa alama hiyo mtu aliyejifunzia Kiswahili njiani hutambulikana.

Kuvuka ziwa kulikibadilisha tena. Umanyema, ambako makabila mengi yasiyoelewana yalikaa karibu, wafuasi wa Tippu Tip na wenzake walijenga Nyangwe na Kasongo, wakaoa na kuzaa. Njia hiyo ilikuwa pia ya damu: wengi walifika katika lugha hii wakiwa mateka. Wenyeji waliojiunga na wageni walijiita waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Vita vya 1892 hadi 1894 vilivunja utawala wa wafanyabiashara hao mbele ya Dola Huru ya Kongo, lakini lugha haikuondoka nao, kwa kuwa sasa ilikuwa na watoto waliozaliwa nayo.

Kusini zaidi, Katanga, kazi ya kambi ilifanywa na migodi. Kampuni ya Union Minière iliundwa 1906, na mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ulianzishwa 1910. Wafanyakazi walitoka Rhodesia, Kasai, na baadaye Ruanda-Urundi; hawakuwa na lugha ya mama moja, na Kiswahili kikawa lugha ya kambini, kisha ya nyumbani. Katika Kiswahili cha Lubumbashi watoto huitwa batoto na vitu huitwa bintu, kwa viambishi vya lugha jirani. Hiki si Kiswahili kilichoharibika. Kina kanuni zake, na watoto huzijua kabla ya kuingia shule.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba.