Picha haisomeki, maneno yanatoka safi: jinsi ya kutambua maandishi yaliyobuniwa

Wasikilizaji wengi sasa hupiga picha karatasi ya zamani kwa simu, kisha huiomba programu ya akili mnemba iwaandikie maneno yake. Tatizo liko pale wino ulipofifia. Mara nyingi programu haiachi pengo, bali huweka neno linalofaa.

Sababu iko katika namna inavyofanya kazi. Programu hizi huandika kipande kimoja baada ya kingine, na kila kipande huchaguliwa kwa kutazama picha pamoja na maneno yaliyokwisha kuandikwa. Picha ikiwa wazi, jicho huongoza. Ikiwa na ukungu, mazoea ya lugha ndiyo huongoza. Ndiyo maana neno lililobuniwa halina kosa la tahajia, na sentensi yake inasomeka vizuri.

Chukua mfano wa karatasi ya mauziano ya shamba. Imeandikwa: "Upande wa mashariki linapakana na", kisha neno limefutika kwenye kunjo. Programu inaandika "barabara". Neno linaingia vizuri, kwa sababu mashamba mengi hupakana na barabara. Lakini mpaka wako hauamuliwi na mashamba mengi.

Anza kwa kuuliza upya. Fungua mazungumzo mapya, tuma picha ileile. Safari hii ikiandika "mto", ujue inakisia. Ila ikirudia "barabara", hiyo bado si ushahidi, kwani kisio lilelile linaweza kujirudia.

Pili, ijaribu. Funika kwa kipande cha karatasi neno unalolisoma wewe mwenyewe, labda idadi ya ekari, kisha piga picha. Ikiandika idadi mahali palipofunikwa, umeikamata inabuni, na usiiamini penye ukungu.

Tatu, rudi kwenye karatasi yenyewe. Ipeleke penye mwanga wa jua, uangalie alama zilizobaki. Tuseme chini ya mstari kuna mkia wa herufi, kama ule wa "g". "Barabara" haina herufi yenye mkia wa kushuka, wala "mto" hauna. Basi yote mawili hayakusomwa. "Korongo" lina mkia huo, lakini nalo ni dhana mpaka lithibitishwe na nakala ya upande wa pili au mashahidi wa mauziano.

Unaweza pia kuiagiza tangu mwanzo: "Usipoona vizuri, andika HAISOMEKI." Agizo hili hupunguza kubuni, haliondoi.

Kuwa mwangalifu zaidi na majina, tarehe, vipimo na fedha. Neno la kawaida likikosewa, sentensi inaweza kukushtua. Lakini ekari 3 na ekari 8 zote zinasomeka sawa, na hakuna kitu katika sentensi kitakachokuonya.