"Bwaga moyo wangu": usiiandike kwenye kadi kabla hujasoma hapa

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye intaneti kafe moja hapa Tabora mjini, pembeni yangu mshikaji anatengeneza kadi ya mchumba wake. Kwenye picha fulani amekuta sentensi ya Kiingereza, chini yake imeandikwa eti ni msemo wa kale wa Waswahili wa Bagamoyo: "Lay down my heart". Akaigeuza kwa Kiswahili: "Mpenzi, nabwaga moyo wangu."

Nikamuuliza, "Kaka, unamposa au unamwacha?" Maana mtaani kumbwaga mtu ni kumpiga chini. Akacheka, ila kadi ilikuwa inakaribia kuchapwa.

Basi tukaichambua pale pale. Tuanze na maneno yenyewe. Jina la Bagamoyo huelezwa kuwa limetoka kwenye "bwaga moyo". Tazama: hakuna "wangu", wala hakuna "na-" ya kuonyesha kwamba mimi ndiye ninayebwaga. Hiyo "my" imeongezwa na mfasiri. Halafu kubwaga ni kutupa chini kitu kizito, kama mtu anavyobwaga mzigo. Kumkabidhi mpenzi kitu kwa upole ni jambo jingine kabisa.

Pili, nani alisema? Hapo ndipo njia yetu ya misafara inapoingia. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitoka huku Unyanyembe na pembe za ndovu mabegani, wakatembea miezi hadi pwani. Burton na Speke walipokuja huku kutoka pwani waliondoka Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba. Kwa mpagazi, Bagamoyo ilikuwa mwisho wa safari: tua mzigo, pumzisha moyo. Maelezo ya pili yanasema ni kilio cha watumwa waliokata tamaa kabla ya kuvushwa bahari. Watumwa walipita Bagamoyo kweli, ingawa bandari kuu ya biashara hiyo upande wa bara ilikuwa Kilwa Kivinje. Maelezo yote mawili yanasimuliwa hadi leo, na hakuna hata moja linalohusu mapenzi. Chagua la kwanza, umemwambia mchumba umechoka kutembea. Chagua la pili, umemwandikia kilio cha mtu aliyefungwa minyororo.

Mshikaji akahamia sentensi nyingine: eti Livingstone aliagiza moyo wake uzikwe Afrika kwa kuwa aliipenda mno. Hii nayo inapita hapa hapa kwetu, maana mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji. Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo. Maandishi ya mwisho kwenye shajara yake ni ya Aprili 27, na yanahusu kuchoka sana na kutuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa. Moyo haumo. Waliouzika ni akina Chuma na Susi. Walitaka kuurudisha mwili kwao, kwa hiyo ilibidi watoe viungo vya ndani usioze, wakavizika chini ya mti pamoja na moyo, kisha wakaukausha mwili kwa chumvi na jua kama wiki mbili. Walipofika huku Unyanyembe, Luteni Cameron akawashauri wamzike hapa hapa. Wakagoma, wakaubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Uaminifu ulikuwa wa wabebaji, lakini mtandaoni sifa kapewa aliyebebwa.

Ukitaka kukagua mwenyewe, weka sentensi ndani ya alama za kunukuu, ongeza jina la mahali au mtu, utafute kwenye Google Books:

```
"lay down my heart" Bagamoyo
```

Angalia kitabu cha zamani kuliko vyote kinachotokea, kisha usome ukurasa mzima, si mstari mmoja. Ukiona jina la msemaji bila kitabu wala mwaka, shaka ianze hapo. Kwa watu maarufu, fungua ukurasa wao Wikiquote ushuke hadi sehemu za "Disputed" na "Misattributed". Ila kutokuwemo humo si uthibitisho kwamba nukuu ni ya kweli. Mwisho, ukishaitafsiri, mpe mtu asiyeijua asili aisome kwa sauti, akuambie kaelewa nini. Akicheka, futa.

Mwisho wa siku mshikaji aliandika maneno yake mwenyewe, mistari miwili, akaweka jina lake chini. Hiyo haina utata wa nani kasema.

Wadau, nukuu gani nyingine ya mapenzi mmeletewa ikawatia shaka? Tupieni hapo chini, na mtaje mmeikuta wapi.