Kianzio na Lengo: Historia ya Fikira Moja Kuhusu Mfuatano wa Sentensi

Mwaka 1844 Henri Weil, mtaalamu kijana aliyezaliwa Frankfurt, alichapisha mjini Paris tasnifu juu ya mpangilio wa maneno katika lugha za kale zikilinganishwa na lugha za kisasa. Tasnifu hiyo ilikabili swali walilolijua vema walimu wa Kigiriki na Kilatini: yawaje waandishi wa kale waliweza kuyahamisha maneno huku na huko katika sentensi, ilhali Mfaransa hana uhuru huo? Jibu la Weil lilikuwa kwamba kila sentensi ina miendo miwili. Upo mwendo wa sarufi, utokao kwa mtenda kuelekea tendo na mtendwa, na upo mwendo wa fikira. Huo wa pili huanzia pale ambapo msemaji na msikilizaji wamekwisha kukutana, yaani katika jambo wanalolijua wote wawili, kisha huelekea lengo, ambalo ni habari msemaji aliyokusudia kumfikishia mwenzake.

Kutokana na tofauti hiyo Weil aliweza kueleza namna sentensi zinavyofuatana. Pengine sentensi mpya hushika kianzio kile kile cha sentensi iliyotangulia, na hapo mwendo huwa sambamba. Pengine hushika lengo la ile iliyotangulia na kuligeuza kuwa kianzio chake, na hapo mwendo husonga mbele hatua kwa hatua. Miaka 130 baadaye, mwaka 1974, František Daneš wa Prague aliichambua mifuatano ya namna hii kwa utaratibu kamili zaidi. Lakini mbegu yake ilikuwa imekwisha kupandwa.

Aliyeichukua mbegu hiyo Prague alikuwa Vilém Mathesius, mwalimu wa Kiingereza na mmoja wa waasisi wa Chama cha Isimu cha Prague cha mwaka 1926. Macho yake yalikuwa yamedhoofika kiasi cha kuhitaji kusomewa, na huenda si ajabu kwamba mtu aliyeyapokea maandishi kwa sikio alishughulishwa na swali la nini kimetangulia na nini kinafuata. Katika makala yake ya mwaka 1929 Mathesius alikilinganisha Kiingereza na Kicheki. Kicheki, kwa kuwa nomino zake hubadilika mwisho kuonyesha uhusika, chaweza kumtanguliza mtendwa pasipo kuleta utata. Kiingereza hakiwezi kufanya hivyo kwa urahisi. Neno linalotangulia kitenzi huchukuliwa kuwa kiima. Kwa hiyo Kiingereza kikitaka kuanza na mtendwa anayejulikana, humfanya awe kiima kwa kutumia kauli ya kutendwa.

Hoja hiyo juu ya kauli ya kutendwa haijapewa uzito unaostahili katika ufundishaji wa insha za Kiswahili. Baadhi ya walimu huikata kwa wino mwekundu, wakifuata mafunzo ya uandishi wa Kiingereza. George Orwell naye, mwaka 1946, aliwaonya waandishi wasiitumie kauli hiyo pale ambapo kauli ya kutenda yafaa. Onyo hilo huitazama sentensi ikiwa peke yake. Sentensi ikisomwa baada ya nyingine, hukumu yaweza kugeuka. Mathalani aya hii:

Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593. Mhandisi Mwitaliani, Giovanni Battista Cairati, aliichora ramani ya ngome hiyo. Majeshi ya Omani yaliizingira mwaka 1696. Njaa na maradhi viliwaua wengi wa waliokuwa ndani.

Hapana kosa la sarufi katika aya hii, na vitenzi vyote vimo katika kauli ya kutenda. Hata hivyo msomaji husimama kila nukta anapoifikia. Anaijua ngome, lakini anakutana kwanza na mhandisi asiyemtarajia, mara majeshi, mara njaa. Kila mara analazimika kulibeba jambo geni mkononi hadi mwisho wa sentensi ndipo apate mahali pa kulitua. Aya ile ile yaweza kuandikwa hivi:

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa. Ngome hiyo ilichorewa ramani na mhandisi Mwitaliani, Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1696 ilizingirwa na majeshi ya Omani. Kuzingirwa huko kulidumu karibu miaka mitatu, na waliokuwa ndani wengi wao waliuawa na njaa na maradhi.

Sentensi ya pili imeshika lengo la ile ya kwanza. Ya tatu imebaki na kianzio hicho hicho, na hapa Kiswahili hakihitaji hata kulirudia jina: kiambishi i- chatosha. Ya nne imeligeuza tendo la sentensi ya tatu kuwa nomino, ikaanzia hapo. Kauli ya kutendwa imetumika mara tatu, na kila mara imefanya kazi ile ile aliyoieleza Mathesius.

Lakini Kiswahili hakikufungwa kama Kiingereza. Kwa msaada wa kiambishi cha mtendwa chaweza kufuata pia njia ya Kicheki: «Mtungi ule Juma aliuvunja.» Chaweza kuanza na mahali na kumweka mgeni mwishoni, kitenzi kikiafikiana na mahali penyewe: «Kisimani mlitoka nyoka.» Tena kinacho kionyeshi chenye -o, yaani huyo, hiyo, huko, ambacho kazi yake hasa ni kurejelea kilichokwisha kutajwa. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliipa -o hiyo nafasi pana na kuieleza kuwa ni ya urejeshi. Mwandishi wa Kiswahili basi anazo njia kadhaa mahali ambapo Mwingereza aghalabu anayo moja.

Wingi wa njia una hatari yake. Kionyeshi chaweza kutumika kuigiza kiungo kisichokuwapo. «Hali hiyo» na «hatua hiyo» huanzisha aya nyingi za magazeti ambamo msomaji akiulizwa ni hali ipi, hana la kujibu. Kipimo chepesi kimo katika utaratibu wa Daneš: iulizwe sentensi inajibu swali gani. «Ilizingirwa na majeshi ya Omani» hujibu swali «Ngome ilipatwa na nini?», ambalo msomaji angeliuliza mwenyewe. «Majeshi ya Omani yaliizingira» hujibu swali «Majeshi ya Omani yalifanya nini?», na hakuna aliyekuwa akiuliza habari za majeshi hayo.

Kanuni yenyewe ina mipaka. Weil alikwisha kuona kwamba moyo ukichafuka, lengo huruka na kutangulia, anayeona mtoto akianguka husema «Ameanguka mtoto!» wala hatafuti kianzio. Halliday naye, katika makala zake za mwaka 1967 na 1968, alitenganisha mambo mawili ambayo wengi walikuwa wameyachanganya: kinachotangulia katika sentensi, na kinachojulikana. Katika «Ni Juma aliyeuvunja mtungi», Juma ametangulia, na yeye ndiye habari mpya; kuvunjika kwa mtungi ndiko kunakojulikana. Sentensi ya namna hii hufaa pale ambapo swali «Ni nani?» limekwisha kuulizwa au linasubiri midomoni mwa wasikilizaji. Ikiwekwa mwanzo wa habari, kabla mtungi haujatajwa, humfanya msomaji arudi nyuma kutafuta ukurasa alioukosa.