Mapigo, Si Saa



Katika michoro ya saketi mtaona waya mmoja unaoingia kwenye kila rejista, na wengi huuita saa, kwa kuwa Kiingereza kina jina moja kwa waya huo na kwa chombo cha ukutani. Kwa Kiswahili jina hilo linapotosha. Saa kwetu ni kitu cha kuulizwa: saa ngapi? Waya huu hauna jibu. Unapanda kutoka 0 kwenda 1, unashuka, unapanda tena, wala hauweki hesabu ya mara ulizopanda. Kompyuta inayo saa ya kweli, ile yenye fuwele ya kwatzi ya hezi 32,768 na betri ndogo ya mviringo, inayoendelea kujua tarehe hata mashine ikizimwa. Hiyo na ibaki na jina lake. Huu mwingine nauita mapigo, na sababu ya jina hilo ndiyo sababu ya waya wenyewe kuwapo.

Chukueni kihesabio cha biti nne: rejista inashika namba, kijumlishi kinaiongeza 1, na jibu linarudi katika rejista ile ile. Tuseme namba iliyomo ni 7, yaani 0111. Kwenye karatasi mnaandika 1000 na kazi imekwisha. Kwenye waya, kila hatua ya kijumlishi hungoja tarakimu ya kubeba kutoka hatua iliyo kulia kwake, na kila hatua huchelewa kidogo kabla ya kubadili tokeo lake. Tukadirie nanosekunde 2 kwa hatua. Nanosekunde 2 zikipita, tokeo linasomeka 0110, yaani 6, maana iliyobebwa bado haijavuka. Zikipita 4 linasomeka 0100, ambayo ni 4. Zikipita 6 linasomeka 0000. Ni katika nanosekunde ya 8 ndipo 1000 inapotokea na kutulia. Kijumlishi hiki hakina kasoro hata moja, lakini kimetamka majibu matatu ya uongo kabla ya lile la kweli, na ukiitazama ile 6 kwenye waya haina alama yoyote ya kuitenga na 6 halali.

Sasa jibu linarudi kuwa ingizo. Tukiiondoa rejista, ile 6 ya uongo itajumlishwa na 1 kabla ya 8 kuzaliwa, na kihesabio kitapayuka. Rejista inayofuata mapigo huzuia hilo kwa sababu hupokea pale tu waya unapopanda, katika ukingo wa pigo. Mapigo yakiachana kwa nanosekunde 10, yaani megahezi 100, uongo wote hupita mlango ukiwa umefungwa. Yaharakisheni hadi nanosekunde 5 muone: kihesabio kitakwenda 0, 1, 2, 3, kisha kitarudi 0, kwani 3 na 1 hupitia 2 na 0 kabla ya kufika 4, na ukingo umeinasa 0. Fundi asiyejua atadhani waya wa biti ya tatu umekatika, maana dalili ni ile ile. Punguzeni kasi ya mapigo. Hesabu ikinyooka, waya ni mzima na kosa ni la haraka.

Mtu atasema: kama tunajua jibu linachelewa nanosekunde 8, kwa nini tusirefushe njia ya kurudi kwa kiasi hicho, tuachane na mapigo? Tatizo ni kwamba ucheleweshaji haukai palepale. Hubadilika kwa joto, kwa volti, na hata kati ya chipu mbili za kiwanda kimoja. Tena hubadilika kwa namba: 6 na 1 hutulia kwa hatua moja, 7 na 1 kwa hatua nne. Njia zote zingepaswa kulingana kwa kila hali, na hilo halidumu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba saketi zisizo na mapigo zipo. Kompyuta ya ILLIAC ya Chuo Kikuu cha Illinois, ya mwaka 1952, ilifanya kazi bila mapigo ya pamoja, na miaka ya 1990 watafiti wa Manchester walitengeneza AMULET1, prosesa ya aina hiyo iliyotekeleza amri za ARM. Nakubali: mapigo yenyewe si lazima. Lililo lazima ni kujua jibu limekamilika. Katika saketi hizo kila sehemu humwambia jirani “nimemaliza” na kungoja “nimepokea”, jambo linalodai waya na malango ya ziada kila mahali. Mapigo hutimiza kazi hiyo kwa waya mmoja wa wote, ila gharama haikosekani: 6 na 1, iliyo tayari kwa nanosekunde 2, hukaa ikingoja zote 10, na waya hupanda na kushuka ukila umeme hata pasipokuwa na cha kuhesabu.