Kikundi cha WhatsApp cha kijiji: ujumbe wa kusambazwa, sauti ndefu na magomvi

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, habari nyingi za mtaani hupita kwenye vikundi vya WhatsApp: siku ya mgao, mkutano wa kijiji, bomba lililoharibika, mtoto aliyepotea. Vikundi hivyo hivyo ndivyo hupitisha uongo unaowala watu pesa. Makala hii inaeleza mambo matatu ambayo huharibu kikundi mara nyingi na namna ya kuyashughulikia.

Ujumbe uliosambazwa: je, nitajuaje kama ni wa kweli?

Chukua mfano huu. Saa mbili usiku unaingia ujumbe: "HARAKA! UNHCR inaandikisha familia za kwenda Kanada. Tuma majina, namba ya cheti cha familia na shilingi 20,000 kwenye namba hii. Mwisho ni kesho. Tuma kwa vikundi vyote."

Kwanza, angalia juu ya ujumbe. Maneno `Forwarded` yenye mshale mmoja yanamaanisha kwamba aliyeuleta hakuuandika yeye. Maneno `Forwarded many times` yenye mishale miwili yanamaanisha kwamba umepitia mikono mitano au zaidi tangu kwa mwandishi wa kwanza. Ujumbe wa namna hiyo WhatsApp hairuhusu kuutuma ila kwa kikundi kimoja au mtu mmoja kwa wakati. Alama hizo hazisemi kwamba habari ni ya uongo. Zinasema tu kwamba jirani yako si shahidi. Kumbuka pia kwamba mtu akinakili maneno na kuyabandika upya, alama hupotea.

Pili, soma ujumbe wenyewe. Unaomba pesa, na huduma za UNHCR na washirika wake ni bure. Hakuna hatua yoyote ya kuhamishiwa nchi ya tatu inayolipiwa, na nafasi hizo hazipatikani kwa kutuma majina kwenye namba ya simu. Unaharakisha, ili usipate muda wa kuuliza. Tena haukutaja ofisi wala mahali pa kwenda. Hapo umekwisha kupata jibu.

Tatu, usiupeleke kwenye kikundi kingine kwa kuuliza "Jamani, hii ni kweli?" Swali lako litasahaulika, ujumbe utabaki, na watu watautuma mbele bila swali lako. Mwulize faraghani aliyeuleta: "Ndugu, hii umeitoa wapi?" Kisha piga simu ya bure ya malalamiko na maulizo kwa wakimbizi wa Uganda, 0800 323232, au uliza kwenye dawati la ulinzi lililo karibu nawe.

Ukishathibitisha kwamba ni uongo, sahihisha mahali pale pale uongo ulipopita. Andika kwa ufupi: "Ujumbe wa Kanada ni wa uongo. Tumeuliza. Msitume pesa wala namba za vyeti." Aliyeuleta anaweza kuufuta kwa wote kwa kuchagua `Delete for everyone`, lakini muda wake ni siku mbili na saa kadhaa tu. Msimamizi wa kikundi naye anaweza kuufuta, na kila mtu ataona kwamba msimamizi ndiye aliyefuta. Hata hivyo, kufuta hakuufuati ujumbe ulikokwisha kupelekwa. Ndiyo maana sahihisho lina kazi kuliko kufuta peke yake.

Kama kuna aliyekwisha kutuma pesa, asichekwe kikundini. Aibu humfanya anyamaze, na tapeli hupata nafasi ya kuendelea. Atunze picha ya skrini yenye namba ya tapeli na ujumbe wa malipo, awajulishe haraka kampuni ya simu na polisi.

Sauti ndefu: kwa nini watu wanalalamika?

Si uvivu wa kusikiliza. Picha na video unaweza kuzizuia zisijipakue zenyewe kwenye simu, lakini ujumbe wa sauti WhatsApp huupakua wenyewe kila mara data inapokuwa wazi. Maana yake, sauti yako ya dakika sita inakula bando la wanakikundi wote, hata wasioisikiliza. Na huwezi kuipitia kwa macho: kama tarehe ya mgao imetajwa dakika ya nne, lazima mtu asikilize salamu na historia yote kabla ya kuifikia.

Lakini msipige sauti marufuku. Katika kila kijiji wamo wazee na akina mama ambao hawasomi, au wanasoma Kifaransa au Kinyarwanda kuliko Kiswahili. Kwao sauti ndiyo barua. Kinachosaidia ni mpangilio huu:

- Anza na jambo lenyewe: nani anahusika, wapi, siku gani, saa ngapi. Salamu ziwe fupi.
- Jambo moja kwa sauti moja, na lisizidi dakika moja.
- Chini ya sauti andika mstari mmoja: "Mkutano wa maji, Jumanne saa tatu asubuhi, kwa mwenyekiti."
- Ukituma maandishi marefu, mtu mmoja ayasome kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma.

Msikilizaji naye anaweza kugusa alama ya `1x` ili sauti iende haraka zaidi, mpaka `2x`. Na mambo ya ugonjwa, ndoa au ubakaji yasisemwe kikundini kabisa, kwa sauti wala kwa maandishi. Simu hufunguliwa mbele ya watu, na sauti husikika nyumba ya pili.

Magomvi: msimamizi afanye nini?

Magomvi makali mara nyingi hutoka nyumbani tulikotoka. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipouchukua mji wa Goma, watu waliopoteza ndugu pande tofauti walikuwa majirani hapa. Katika hali kama hiyo, picha moja ya maiti, ambayo pengine ni ya vita vya miaka iliyopita, inatosha kugeuza kikundi cha maji kuwa uwanja wa kutukanana kwa kabila.

Msimamizi asianze kwa kuamua nani ana haki. Kwanza afunge mazungumzo: afungue jina la kikundi, aingie `Group permissions`, azime ruhusa ya wanakikundi kutuma ujumbe. Aandike: "Nimefunga mpaka kesho saa mbili asubuhi. Wenye dharura wanipigie." Kutaja saa ya kufungua ni muhimu, maana bila hiyo watu watasema upande mmoja umenyamazishwa. Kisha afute picha na matusi ya pande zote mbili, si ya upande mmoja.

Usiku huo awapigie wahusika mmoja mmoja. Maandishi hayana sauti ya mtu, na neno la utani husomwa kama tusi. Wasipopatana, jambo liende kwa wazee wawili ambao pande zote zinawaheshimu, au kwa mwenyekiti wa kijiji. Kumtoa mtu kikundini liwe jambo la mwisho, kwa sababu atakosa pia habari za mgao na za maji. Akitolewa, jirani mmoja apewe kazi ya kumfikishia.

Vitisho vya kumdhuru mtu, au wito wa kushambulia kabila fulani, si ugomvi wa kikundi tena. Hapo hifadhi picha ya skrini kabla ya kufuta, usiitume popote kikundini, ipeleke polisi au dawati la ulinzi.